Nina miaka 20, je bado naongezeka urefu? Vipimo viwili vimenipa majibu tofauti

Mtoto wa Tandika

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye kujua mambo ya mifupa na ukuaji, maana huku mtaani kila mtu ananipa jibu lake.

Nina miaka 20 na miezi minne, naishi Tandika. Kuna kazi ya ulinzi naitaka sana, na tangazo lao limeweka urefu usiopungua sentimita 173 kwa wanaume. Nilipimwa jioni kwenye zahanati moja nikaambiwa 171.6. Wiki mbili baadaye nikapita asubuhi na mapema kwenye kituo kingine cha afya, nikatoka na 173.1. Nikajua naendelea kurefuka. Rafiki yangu anasema hakuna binadamu wa miaka 20 anayepanda sentimita moja na nusu kwa wiki mbili. Baba anasema mwanaume hukua mpaka 25. Kocha wetu wa kikapu anasema ukigonga 18 habari imekwisha.

Baba yangu ana sentimita 170, mama 161. Balehe ilinichelewa kidogo, sauti ilianza kuwa nzito nikiwa kidato cha tatu mwishoni, na ndevu nimeanza kunyoa nikiwa na 18.

Maswali yangu ni mawili. Mwanaume anaweza kuendelea kurefuka baada ya 20? Na mtu anathibitishaje kwamba hapa alipo ndipo mwisho wake?

Babu wa Kariakoo

Kijana, baba yako yuko sahihi. Mifupa ya mwanaume haifungi yote mpaka 25. Hata madaktari wa mahakamani wakitaka kujua umri wa kijana mkubwa wanaangalia mfupa wa mtulinga, kwa sababu ule unachelewa kufunga mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kama mfupa haujafunga, unakua. Mwanangu wa mwisho ana miaka 22 na kila mwaka nikimpima mlangoni amepanda. Wewe kula vizuri, lala mapema, utafika hiyo 173 na kuipita.

Chuma cha Pua

Mimi nasikia kubeba vyuma vizito kunafunga mifupa mapema. Kama kijana ananyanyua uzito aache kwanza, au siyo?

Tabibu wa Upanga

Wakuu habari. Nafanya kazi kliniki inayoona watoto na vijana wenye matatizo ya ukuaji, hivyo kupima urefu ni kazi yangu ya kila siku.

Mtoto wa Tandika, tuanze na vipimo vyako. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu vyenye maji mengi. Usiku ukiwa umelala vinajaa maji. Ukiamka na kusimama, uzito wa mwili unavikamua, na sehemu kubwa ya urefu huo inapotea ndani ya saa chache za mwanzo za asubuhi. Kwa mtu mzima wa kawaida, tofauti kati ya kutoka kitandani na jioni ni sentimita moja hadi mbili. Wewe umepima jioni 171.6 na asubuhi 173.1, tofauti ni 1.5. Hiyo inaingia mulemule kwenye maji ya mgongo, kabla hata hatujauliza ukutani palikuwa na nini, aliyekupima ni nani, na kama ulivua soksi. Kwa vipimo hivi viwili hakuna anayeweza kusema umekua, wala kwamba umesimama.

Sasa mifupa. Mifupa mirefu ya miguu na mikono inarefukia karibu na ncha zake, kwenye ukanda mwembamba wa gegedu. Seli za pale zinagawanyika, zinapangana, kisha zinageuka mfupa mgumu. Kwenye eksirei ukanda huo unaonekana kama mstari mweusi, kwa sababu gegedu halizuii mionzi kama mfupa. Ukanda ukiisha wote kugeuka mfupa, ule mstari mweusi unapotea, na mfupa ule haurefuki tena kwa chakula, kwa mazoezi wala kwa dawa.

Kinachoufunga siyo siku ya kuzaliwa. Ni homoni, tena siyo ile ambayo wengi wanaidhani. Kwa wavulana pia kazi hiyo inafanywa na estrojeni, ambayo mwili unaitengeneza kutokana na testosteroni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuisikia estrojeni kabisa. Testosteroni alikuwa nayo ya kawaida, na balehe alipita kama wenzake. Lakini alikuwa na sentimita 204 na bado anarefuka, na mifupa yake kwenye eksirei ilikuwa kama ya mvulana wa miaka 15. Kutokana na mtu huyo mmoja tulielewa mengi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni balehe yako ilianza lini na imefika wapi. Wavulana wengi wanakua kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka 13 na nusu hadi 14, sentimita tisa au kumi kwa mwaka. Baada ya hapo kasi inashuka, na wengi wamesimama kufikia 17 au 18. Aliyechelewa balehe anachelewa pia kusimama. Wapo wanaoongeza sentimita moja au mbili baada ya hapo, mpaka 20 au 21. Wewe umesema sauti ilibadilika kidato cha tatu mwishoni, yaani umechelewa, ingawa siyo sana. Siwezi kukuambia kutoka huku kwamba umemaliza.

Chuma cha Pua, vyuma vyenyewe havifungi mifupa. Sindano za kujaza misuli ndizo zinazofunga. Kijana ambaye bado anakua akijichoma testosteroni, mwili unaigeuza estrojeni na ukanda unafunga kabla ya wakati wake. Anapata kifua, anapoteza urefu.

Babu wa Kariakoo

Tabibu hujanijibu la mtulinga.

Tabibu wa Upanga

Shikamoo Babu. La mtulinga ni kweli, ncha yake ya ndani karibu na mfupa wa kifua inachelewa kufunga mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Ila mtulinga umelala upande, unaongeza upana wa mabega. Hata ukiendelea kukua hadi 25, kichwa hakipandi. Urefu tunaoupima ukutani unatoka kwenye miguu na mgongo. Miguu inarefuka hasa kwenye goti, juu yake na chini yake, na goti la mvulana aliyebalehe kwa wakati limeshafunga akiwa na 18 au 19.

Mgongo ndio unaochelewa kidogo kuliko miguu. Pingili zinaweza kuongeza milimita chache baada ya miguu kusimama. Hapo wanaosema "mpaka miaka ya ishirini" wana haki yao, ila ni milimita.

Mbagala Rangi Tatu

Naomba nitoe ushuhuda, maana mimi nilikua nikiwa na 20 na hata 21, na siyo kwa milimita.

Nina selimundu. Utotoni nililazwa mara nyingi. Nilipofika 18 nilikuwa na sentimita 158, sauti ya kitoto, sina hata kivuli cha ndevu. Wadogo zangu walinipita wakawa wananisalimia kama rika lao. Kliniki wakanipiga eksirei ya kiganja cha kushoto pamoja na kifundo, wakasema mifupa yangu ni ya mvulana wa miaka 14 na nusu. Daktari akamwambia mama, "Huyu hajadumaa, huyu amechelewa, muacheni."

Balehe ikaja kwa kasi nikiwa na 18 na nusu. Suruali zilikuwa zinakuwa fupi mwilini. Nilipotimiza 22 na kitu nikasimama kwenye 169, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akisema 18 ndio mwisho, namwonea huruma kijana mwenye ugonjwa kama wangu atakayesikia hivyo na kukata tamaa.

Tabibu wa Upanga

Asante sana kaka. Huu ndio mfano unaofaa kwa swali la mleta uzi. Mvulana mwenye mifupa ya miaka 14 na nusu kwa kawaida ameshapata asilimia 93 au 94 ya urefu wake wa mwisho. Gawanya 158 kwa 0.935 utaona unaangukia 169. Haitoki sawasawa hivyo kwa kila mtu, lakini kwako imeangukia palepale. Akifika umri wa mifupa wa miaka 16, amebakiza kama asilimia mbili tu. Kwenye 17, asilimia moja hivi, yaani chini ya sentimita mbili.

Selimundu, utapiamlo wa muda mrefu, magonjwa sugu ya figo au tumbo, vyote vinasogeza balehe mbele, na ukuaji unasogea nayo. Kule vijiji vya Keneba nchini Gambia, ambako watu wamepimwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, vijana wa kiume walionekana kuendelea kurefuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya ishirini, kwa sababu balehe inawachelewa. Kwa hiyo mambo waliyoyaona wazee wetu siyo ya kubuni. Kijana wa shamba wa zamani aliweza kweli kukua akiwa na 21. Kijana wa Dar wa leo aliyekula vizuri na kubalehe na 13, hapana.

Mama Naima

Samahani naingilia. Mwanangu ana miaka 13, ndiye mfupi kuliko wote darasani. Kuna dada anauza vidonge vya kurefusha, anasema ndani ya miezi mitatu anapanda sentimita sita. Nimpe?

Tabibu wa Upanga

Dada usinunue. Mvulana wa 13 aliyeanza balehe anaweza kupanda sentimita mbili au tatu kwa miezi mitatu bila kumeza kitu, na muuzaji atajisifu kwa kazi ya mwili wa mwanao. Mpeleke kliniki, apimwe urefu sasa na tena baada ya miezi sita, na daktari aangalie kama balehe imeanza. Kama hadi 14 korodani hazijaanza kukua, hapo achunguzwe zaidi. Nenda na kadi yake ya kliniki ya utotoni kama bado unayo.

Mtoto wa Tandika

Nashukuru sana Tabibu. Sasa la pili: nathibitishaje? Nipige hiyo eksirei ya kiganja?

Tabibu wa Upanga

Kwanza kipimo cha kawaida kifanyike vizuri, eksirei ije baadaye kama kuna sababu.

Kupima vizuri ni hivi. Tafuta sehemu moja yenye ubao wa urefu uliofungwa ukutani, siyo ile fimbo inayotikisika juu ya mizani, na siyo futi kamba. Nenda saa ileile ya siku kila mara, alasiri ni nzuri kwa sababu mgongo umeshatulia. Vua viatu na soksi. Visigino viwe pamoja na viguse ubao, makalio na mabega vilevile. Uso uelekee mbele kabisa, usiinue kidevu. Pembe ya chini ya jicho na tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Vuta pumzi, mpimaji ashushe kibao mpaka kibane nywele, asome mpaka milimita. Kisha utoke, urudi, upimwe tena. Namba mbili zikipishana zaidi ya nusu sentimita, ya tatu ichukuliwe. Na aliyekupima leo akikupima na siku nyingine ni bora zaidi.

Halafu subiri. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Hata mpimaji mzuri anakosea milimita tatu, nne, mpaka tano. Kijana anayekua sentimita moja kwa mwaka, ndani ya miezi mitatu ameongeza milimita mbili na nusu tu. Hizo zinamezwa na kosa la kipimo, huwezi kuziona. Ukipima kila mwezi utajifurahisha mwezi huu na kujihuzunisha mwezi ujao bila kitu chochote kutokea. Kwa umri wako, miezi sita ni ya chini kabisa, na mwaka mzima ndio wa kuamulia. Tukiona umeongeza chini ya sentimita moja kwa mwaka mzima, na balehe imekamilika, tunasema amefika.

Eksirei inakuja kama balehe ilichelewa au kama mwaka umepita na namba zinapanda kweli. Kwa wewe uliyechelewa kidogo, daktari akiamua kuipiga sitamlaumu. Mionzi yake kwa kiganja ni midogo sana.

Urefu wa wazazi nao unasaidia kukisia. Kwa mvulana tunajumlisha baba na mama, tunaongeza 13, tunagawa kwa mbili. Wewe inatoka 172. Lakini mtoto anaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa sentimita nane hivi, kwa hiyo hiyo haithibitishi chochote.

Mpiga Picha wa Mifupa

Nimesoma uzi wote, natoka idara ya mionzi. Nakubaliana na Tabibu kwa sehemu kubwa, ila kwenye umri wa mifupa nataka tuwe waangalifu.

Hospitali nyingi duniani zinalinganisha picha ya kiganja na atlasi ya Greulich na Pyle, toleo la pili la mwaka 1959. Picha zake ni za watoto wa Kizungu wa Cleveland, Marekani, wenye maisha mazuri. Mtoto wa Temeke siyo mtoto wa Cleveland. Pia wasomaji wawili wa picha moja wanaweza kutofautiana miezi sita, hata zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa "mifupa yako ni ya miaka 17 na miezi mitatu", hiyo miezi mitatu usiiwekee rehani.

Jambo la pili, picha ya mwisho ya wavulana kwenye atlasi hiyo ni ya miaka 19. Mtu wa 20, wa 30, wa 50, wote wanasomeka "19 au zaidi". Picha iliyofunga inakuambia kwamba umemaliza. Haisemi ulimaliza lini, wala una umri gani. Vijana wa timu za chini ya miaka 17 wanapigwa picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya sumaku, FIFA walianza nayo kwenye Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009 kule Nigeria. Wanachotafuta ni kama ncha ya chini ya mfupa mkubwa wa mkono imeungana kabisa, kwa kuwa ni nadra sana iungane kabla ya 17. Ambaye haijaungana bado anaweza kuwa na 18 au 19 aliyechelewa, na kipimo kikampitisha.

Mfupa huohuo ndio wa kuangalia kwa mleta uzi. Kwenye kiganja vidole vinafunga kwanza, halafu ule mfupa mwembamba upande wa kidole kidogo, na wa mwisho ni huu mkubwa upande wa gumba. Ukifunga huu, kwa kawaida na goti limeshafunga.

Tabibu wa Upanga

Kwenye Cleveland nakubali nusu. Tarehe za atlasi zinaweza kumpotosha mtoto wetu, hasa wa miaka 10 au 12. Lakini mstari umefunga au haujafunga, hilo halina Cleveland wala Temeke.

Mpiga Picha wa Mifupa

Lina ubishi wake pia. Baada ya kufunga, mara nyingi unabaki uzi mweupe mwembamba pale ukanda ulipokuwa, kama kovu. Unaweza kukaa miaka mingi. Nimeona ripoti zilizoandika "karibu kufunga" na nyingine "imefunga" kwa picha zinazofanana. Kijana akisoma "karibu" anaenda nyumbani na matumaini ya sentimita nne.

Mtoto wa Tandika

Nafufua uzi wangu wakuu, mwaka umepita na kidogo.

Nilifuata maelekezo. Nilikuwa nakwenda kliniki moja, saa tisa alasiri, nesi yuleyule. Kipimo cha kwanza 171.9. Baada ya miezi sita 172.2, moyo ukaanza kudunda. Mwaka ulipotimia 172.0. Daktari akaangalia balehe akasema imekamilika, na kwa kuwa nilichelewa akaagiza eksirei ya kiganja cha kushoto. Ripoti inasema vidole vyote vimefunga, mfupa mwembamba umefunga, mfupa mkubwa umefunga na "mstari mweupe hafifu umebaki". Umri wa mifupa wameandika 19.

Kwa hiyo nimefika. Nina 172. Nimekubali, ingawa iliuma.

Ila kuna jambo linanisumbua. Siku hiyohiyo ya mwisho nilipima na asubuhi, mara tu baada ya kuamka, ikatoka 173.2. Usaili wa ile kazi safari iliyopita ulianza saa moja asubuhi. Urefu wangu wa kweli ni upi hapo?

Tabibu wa Upanga

Hongera kwa uvumilivu, hayo ni majibu safi. 171.9, 172.2 na 172.0 ni namba moja, tofauti zake zimo ndani ya kosa la kipimo. Ule mstari mweupe mwachie Mpiga Picha, lakini ukiuweka pamoja na mwaka mzima bila kuongezeka, kwangu hauna uzito.

Kuhusu asubuhi, mtu hana urefu mmoja wa siku nzima. Sisi kliniki tunaandika wa alasiri kwa sababu unatulia. Waajiri wanaandika wa saa watakayokupima. Ukisimama mbele yao saa moja asubuhi na ubao ukasoma 173, hujamdanganya mtu. Ila ukifika saa moja ukasimama foleni juani mpaka saa tano, usitegemee ile 173.2, kwa sababu itakuwa imeshashuka.

Babu wa Kariakoo

Nami nirudi. Mwanangu sasa ana 23 na nusu. Baada ya ubishi wetu nilimpeleka apimwe kama mlivyosema, mchana, ubao wa ukutani. Mwaka jana 184.1, mwaka huu 186.0. Basi Tabibu, huyu anakua au hakui?

Tabibu wa Upanga

Babu, karibu sentimita mbili kwa mwaka, kipimo kizuri, saa ileile. Huyo anakua kweli. Naomba nikuulize, na usinielewe vibaya. Ananyoa ndevu? Sauti yake ni ya kiutu uzima? Katika familia wapo warefu hivyo? Ukimtazama, miguu na mikono ni mirefu kuliko kiwiliwili?

Babu wa Kariakoo

Ndevu hana. Sauti ni nyembamba, watu kwenye simu wanamdhania dada yake. Mimi nina 171 na mama yake ni mfupi kwangu. Mikono ni mirefu, shati la mikono mirefu halimtoshi. Sisi tulijua ni mpole tu wa maumbile.

Tabibu wa Upanga

Mkumbuke yule mtu wa 1994. Ukanda haukufunga kwa sababu amri ya kufunga haikusikika. Kwa mwanao kuna uwezekano amri yenyewe haitolewi, yaani korodani hazitoi testosteroni ya kutosha, hivyo hakuna cha kugeuzwa estrojeni. Miguu na mikono inaendelea taratibu mwaka hadi mwaka. Wapo wanaozaliwa na kromosomu ya ziada, kama mvulana mmoja kati ya 600, na wengi wao hawajui mpaka wakiwa watu wazima. Wapo ambao ubongo hautumi ishara kwa korodani, na baadhi yao hawasikii harufu tangu utoto. Yapo na mengine. Sitasema ni lipi bila kumwona.

Siyo suala la urefu tu. Mifupa inayokosa homoni hizo inabaki dhaifu, na kuna suala la uzazi ambalo inafaa lijulikane mapema. Mpeleke kwa daktari wa homoni. Damu ya testosteroni itolewe asubuhi, saa mbili hivi, kwa sababu wakati huo ndipo iko juu. Mwambie asiogope uchunguzi wa korodani, ni wa dakika chache.

Mbagala Rangi Tatu

Babu, muulize tu kwa upole kama anasikia harufu ya kahawa ikichemka. Mimi nilikuwa naulizwa hivyohivyo kliniki kabla hawajajua ni selimundu iliyonichelewesha.

Babu wa Kariakoo

Nimemuuliza. Anasema anasikia harufu vizuri. Tumepata nafasi Jumanne ijayo. Tabibu, niende na nini?

Tabibu wa Upanga

Nenda na zile namba mbili, 184.1 na 186.0, pamoja na tarehe zake. Na alama za mlangoni, kama ziliandikwa mwaka, zipige picha zote.